Sekunde 90 kabla boti haijaondoka gatini

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lina kanuni moja fupi kuhusu jaketi okozi, lile boya la rangi ya machungwa ambalo wengi wetu tumekalia juu yake miaka nenda miaka rudi bila kuligusa. Kanuni hiyo inataka jaketi lijaribiwe na watu ambao hawajawahi kuliona. Wanakabidhiwa bila maelekezo yoyote, na angalau asilimia 75 kati yao wanatakiwa kulivaa sawasawa ndani ya dakika 1. Baadaye wanaonyeshwa linavyovaliwa, na hapo wote wanatakiwa waweze kulivaa ndani ya dakika hiyo hiyo, bila kubaki hata mmoja.

Sasa chukua hesabu hiyo uingie nayo kwenye boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja yenye abiria 400. Ikiwa jaketi zake zilipita mtihani kwa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa, basi abiria wapatao 100 watakuwa bado wanahangaika na mikanda dakika ya kwanza inapokwisha. Tena mtihani ule ulifanyika kwenye chumba chenye taa, sakafu kavu, na jaketi mtu amekabidhiwa mkononi. Hakuna aliyeinama gizani kupapasa chini ya kiti huku jirani yake anapiga shahada.

Wanachohitaji hao 100 ili wawafikie wenzao 300 ni kuonyeshwa tu. Kwa hiyo video ya usalama inayorushwa kwenye televisheni ya boti ina kazi moja, nayo ni kuichukua hiyo robo ya abiria na kuiingiza mikono yao kwenye mkanda kabla hawajauhitaji. Kila sekunde inayotumika kwa jambo jingine inaibwa kutoka kwenye kazi hiyo.

Na zinaibwa nyingi. Video nilizokutana nazo kwenye safari za majini hufanana kama zimepikwa chungu kimoja. Kwanza unaona boti kutoka angani ikikata maji, na muziki. Kisha salamu za uongozi, shukrani kwa kuchagua kampuni yetu, marufuku ya sigara, marufuku ya kutupa taka baharini, tahadhari ya wezi wa mizigo. Jaketi huja mwishoni, limevaliwa na binti aliyesimama akitabasamu kama anayetangaza sabuni, na mara ngapi jaketi lenyewe si la boti ile! Ni lile jembamba la kujaza hewa kwa kuvuta kamba, picha iliyookotwa kwenye video ya ndege, wakati chini ya kiti cha abiria lipo la sponji lenye mkanda wa kuzungusha kiunoni. Abiria aliyeitazama video hiyo kwa makini atatafuta kamba ya kuvuta, na hataiona.

Hilo ndilo sharti la kwanza kwa yeyote anayepewa kazi ya kutengeneza video hii: nenda kwenye boti yenyewe, kaa kwenye kiti chenyewe, chomoa jaketi lenyewe. Kampuni ikiwa na boti tatu zenye jaketi za aina mbili, zinahitajika video mbili. Na kama jaketi zimehifadhiwa ndani ya mifuko ya nailoni iliyofungwa fundo ili zisichafuke, jambo utakalolikuta kwenye baadhi ya vyombo, basi ama nailoni zitolewe au kupasua nailoni kuwe hatua ya kwanza inayoonyeshwa. Mimi ningezitoa.

Tuiandike sasa hiyo video. Msomaji wa tangazo akisoma kwa utulivu, bila kukimbia, hutamka maneno kama 110 hivi kwa dakika. Sekunde 90 zinampa maneno 165, lakini picha nazo zinahitaji kimya ili zionekane, kwa hiyo tumhesabie 100. Maneno 100 hayatoshi kusema mambo kumi. Yanatosha mambo matatu: jaketi liko wapi, linavaliwaje, na unatokea wapi. Nimewaza sana kama la nne lingefaa kuongezwa, na kila nililoliweka liliondoka na sehemu ya lile la pili, ambalo ndilo lenye mikono na mikanda na ndilo linalochukua muda.

Sekunde 10 za mwanzo ni mkono. Hakuna nembo, hakuna boti angani. Mkono wa mtu wa kawaida, kwenye kiti cha buluu kile kile ambacho abiria amekikalia, unashuka na kuingia chini ya kiti. Sauti inasema: "Weka mkono chini ya kiti chako. Sasa hivi. Umeligusa? Hilo ni jaketi lako." Kisha picha inasimama kwa sekunde 3 bila neno, na mabaharia waliosimama kwenye njia katikati ya viti nao wanainama na kugusa. Sekunde hizo tatu za kimya zina thamani kuliko maelezo yote, kwa sababu abiria aliyegusa kwa vidole vyake atapajua mahali pale hata taa zikizimika. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akiinama, mstari wote utainama. Tunavyojuana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho.

Kuanzia sekunde ya 10 hadi ya 45 ni kuvaa, na hapa mpiga picha ana uamuzi ambao wengi huukosea. Mazoea ni kumsimamisha mvaaji akiitazama kamera. Lakini anayekutazama uso kwa uso amegeuka kinyume nawe: mkono wake wa kulia uko kushotoni kwako, na mkanda unaopita nyuma ya mgongo wake hauuoni kabisa. Weka kamera nyuma ya bega lake, au juu kidogo ya kichwa, ili mikono inayoonekana iwe kama inatoka mwilini mwa mtazamaji. Kwa ule mkanda wa mgongoni, mgeuze mvaaji mara moja, taratibu. Kisha rudi begani.

"Pitisha kichwa. Zungusha mkanda nyuma. Bana mbele mpaka usikie mlio. Vuta ukaze." Sentensi nne, kila moja ina picha yake, na kila picha inakaa sekunde 5 au 6. Kule kubana kupigwe kwa karibu kabisa, kiasi kwamba kibano kinajaza kioo na mlio wake unasikika. Na kule kukaza kuonyeshwe kwa vidole viwili vinavyojaribu kupenya kati ya mkanda na mwili, vikibanwa. Kosa linalotokea sana majini ni jaketi kulegea. Mtu akiingia majini, sponji inapanda juu na mwili unabaki chini. Jaketi linamfunika uso, mikono inaanza kupambana nalo, na chombo kilichoundwa kuuinua mdomo wake juu ya maji kinamziba. Ukitaka kujua kama video inafundisha au inapamba tu, angalia kama inaonyesha kukaza.

Je, tuonyeshe na jaketi lililolegea, ili watu waone ubaya wake? Nadhani hapana. Abiria aliyechoka, anayetazama kwa jicho moja huku la pili liko kwenye simu, anabaki na picha kichwani, na lile neno "usifanye hivi" linadondoka njiani. Ikiwa alichokiona kwa uwazi zaidi ni mkanda unaoning'inia, basi mkanda unaoning'inia ndio umefundishwa. Onyesha lililo sawa, na ulirudie.

Halafu yuko mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye video karibu zote zinamsahau wakati kila boti inaye. Viwango vya IMO vinagawa jaketi kwa uzito: la mtoto mchanga ni chini ya kilo 15, la mtoto ni kilo 15 hadi chini ya 43, na kuanzia hapo ni la mtu mzima. Mkataba wa kimataifa wa SOLAS unataka meli ya abiria iwe na jaketi za watoto zisizopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ya hapo ili kila mtoto apate lake. Lakini hazikai chini ya viti. Zinakaa kwenye sanduku, na mama hajui sanduku liko wapi. Kwa hiyo picha ya mama huyu inahitaji sekunde 12 zake peke yake: anafungua kanga, anamkalisha mtoto kitini, baharia anafika na jaketi dogo mkononi, mama anavaa lake, kisha anamvalisha mwanawe. Kanga haifungwi tena juu ya jaketi, wala mtoto hafungwi ndani yake. Mama huyu kwenye video avae baibui, na jaketi lipite juu ya baibui bila kuvua kitu, maana kuna wanawake ambao watasita dakika nzima wakijiuliza kama wanatakiwa kujisitiri au kujiokoa. Wakiona mwenzao amevaa vyote viwili, swali limekwisha.

Kuanzia hapo hadi sekunde ya 75 ni kutoka nje. Sehemu hii ndiyo ngumu kuiandika, kwa sababu historia inatoa amri mbili zinazogongana.

Tarehe 16 Aprili 2014 kivuko cha Sewol kilipinduka kwenye pwani ya Korea Kusini. Kilikuwa na watu 476, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa wanakwenda ziara. Chombo kilipolala upande, tangazo la ndani liliwaambia abiria wakae walipo, na likarudiwa. Wengi walitii, wakavaa jaketi zao, wakakaa. Walikufa watu 304. Maji yalipowafikia, milango ilikuwa imegeuka kuwa dari.

Miaka 18 kabla ya hapo, tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyokuwa imetekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Mitsamiouli, Ngazidja. Kati ya watu 175, walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wameshajaza hewa maboya yao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yaliwabeba hadi juu, wakabanwa darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi la sponji halihitaji hata kujazwa hewa. Ndani ya ukumbi uliojaa maji linafanya hivyo hivyo tangu sekunde ya kwanza.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, unaona kwamba "vaa jaketi" ni nusu ya amri. Nusu ya pili ni "usilivae ukakaa". Video nyingi huishia kwa jaketi lililovaliwa vizuri na mtu aliyeketi ametulia, na picha hiyo ya mwisho ndiyo inayobaki kichwani. Mimi ningeikata hapo na kumwonyesha mtu yule yule, na jaketi lake, akisimama, akiacha begi lake kitini, akifuata alama za kijani za mlango, akitoka hadi sitahani kwenye upepo. Sauti: "Ukiambiwa toka, toka. Mzigo uache. Boti ikilala upande na hairudi, usingoje kuambiwa." Najua sentensi ya mwisho itawakera baadhi ya manahodha, ambao wanaogopa, na wana haki ya kuogopa, kwamba wimbi moja la kusi litawainua abiria 400 kwa pamoja. Ndiyo maana yamo maneno "na hairudi". Boti inayoyumba inarudi. Isiyorudi ni habari nyingine, na muda wake ni mdogo: meli ya Herald of Free Enterprise ilipopinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987, ililala ubavu ndani ya takriban sekunde 90, urefu wa video yetu hii. Walikufa watu 193.

Sekunde 15 za mwisho hazina maneno. Mkono chini ya kiti, mkanda unaokazwa, mlango. Picha tatu zile zile zilizokwisha kuonekana, si mpya, kila moja sekunde 5. Chini yake kinasikika king'ora chenyewe cha dharura, milio saba mifupi na mmoja mrefu, kirekodiwe kutoka kwenye boti ile ile. Abiria wetu wanaijua honi ya kuondoka, na wengine wanaijua ya ukungu. Hii ya hatari hawajawahi kuisikia, na siku ya kuisikia mara ya kwanza haifai iwe siku ya hatari yenyewe.

Yapo niliyoyaacha kwa kuuma meno. Jaketi la kiwango cha IMO linajaribiwa kwa kuruka majini kutoka mita 4.5 huku mrukaji amelishikilia kifuani, lakini akirusha mikono juu linajaribiwa kwa mita 1 tu. Tofauti hiyo inatosha kumwambia kila mtu asiruke mikono mitupu hewani. Ashike jaketi lake. Ni maarifa mazuri, ila mtu anayahitaji baada ya hayo matatu ya kwanza, na wakati huo baharia yuko naye sitahani. Yaende kwenye kadi ya picha iliyo mfukoni mwa kiti.

Sasa irushwe lini? Januari 2012 meli ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba nje ya kisiwa cha Giglio, Italia, saa chache baada ya kuchukua abiria wapya. Kanuni za wakati ule ziliruhusu zoezi la abiria lifanyike ndani ya saa 24 tangu wapande, kwa hiyo hao wapya walikuwa hawajaonyeshwa kitu. Walikufa watu 32. Tangu 2015 SOLAS inataka zoezi hilo lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka, na kila abiria wapya wanapopanda wapewe maelekezo wakati huo huo, kwa lugha inayoelekea kueleweka nao. Mkataba huo unagusa safari za kimataifa, na Dar hadi Unguja ni safari ya ndani, lakini mantiki yake haijui mpaka. Unasema pia jambo ambalo wenye boti hupenda kulisahau: video inaruhusiwa kusaidia tangazo la mdomo, hairuhusiwi kuchukua nafasi yake. Baharia bado anatakiwa kusimama na kusema.

Kwa safari ya saa mbili, ningeirusha mara tatu. Ya kwanza ni kwenye ukumbi wa kusubiria, ambako abiria amekaa na tiketi yake na hana la kufanya. Hapo irushwe nzima. Ya pili ni ndani ya boti, kamba zikiwa bado zimefungwa gatini na injini zikiwa chini, kwa sababu zikishapandishwa hakuna spika ya televisheni itakayoshindana nazo. Ya tatu ni zile sekunde 15 za mwisho peke yake, bila maneno, robo saa kabla ya kufika. Wakati huo abiria wameanza kusimama, mizigo inashushwa, watu wanasogea upande wenye mlango. Ni wakati kama huo ndipo kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka, tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kinakaribia gati ya Ukara, ufuo unaonekana, watu wamejiandaa kushuka.

Kurudia kuna ufundi wake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tulichojifunza hupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachana kwa muda hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa hiyo mara tatu zilizotawanyika kuanzia ukumbini hadi gati ya Malindi, Unguja, ni bora kuliko mara tatu mfululizo kabla ya kuondoka. Na kinachorudiwa kiwe kile kile, kwa mpangilio ule ule, na maneno yale yale. Shirika la ndege la New Zealand lilijipatia sifa dunia nzima mwaka 2012 kwa video ya usalama yenye vijeba na wachawi wa sinema ya Hobiti, na watu waliitazama hata wasiokuwa na safari. Nami niliifurahia. Nikiulizwa mlango wa dharura ulionyeshwa kwa ishara gani, nakumbuka ndevu. Mchekeshaji maarufu kwenye video ya boti atatazamwa mara ya kwanza. Mara ya tano ametuchosha, na katikati hapo jaketi lilikuwa linapita nyuma yake.

Lakini mfanyabiashara anayevuka kila wiki na maboksi yake naye ana haki ya kuchoka. Kwake ningebadilisha sekunde 5 za kwanza tu: mwezi huu mkono ni wa mzee, mwezi ujao ni wa mwanafunzi mwenye sare, kisha mkono wenye hina. Unaona mkono mpya, unatazama. Umeshatazama, kilichobaki hakijabadilika.

Kuna jaribio moja dogo ambalo lingeziangusha video nyingi: zima sauti. Kwenye ukumbi wa chini watoto wanalia, wa nyuma wanaongea na simu kabla mtandao haujakatika, na mgeni aliyekaa dirishani hajui Kiswahili. Video isipoeleweka ikiwa bubu, haijatengenezwa. Maandishi yawe makubwa na machache, Kiswahili juu, Kiingereza chini, na kamwe yasibebe habari ambayo picha haina, kwa ajili ya bibi wa Pemba asiyesoma hata moja kati ya hizo mbili. Kuhusu sitaha ya juu, ambako hakuna televisheni na jua lingeiua hata ingekuwepo, hakuna njia ila baharia asimame na jaketi na afanye kwa mikono yake zile picha tatu. Akishaitazama video mara elfu, atazifanya kwa mpangilio ule ule hata akiwa na usingizi.

Basi la mikoani linafuata sheria hizo hizo kwa ufupi zaidi, na sekunde 40 zinatosha: mkanda, mlango wa dharura, nyundo ya kioo. Nyundo inapigwa kwenye kona ya kioo, si katikati, kwa kuwa kioo kigumu cha pembeni huwa dhaifu karibu na kingo. Na wakati wa kuirudia ni baada ya kuchimba dawa, watu wanaporudi vitini na mikanda imeachwa inaning'inia. Tatizo kubwa la basi liko nje ya video. Ukionyesha nyundo ambayo imeshanyofolewa ukutani, umemfundisha abiria kutafuta kisichokuwepo.

Majini ni vivyo hivyo, na hapa ndipo uwezo wa video unapokoma. MV Nyerere ilikuwa na kibali cha kubeba watu 101. Walikufa 228, wakaokolewa 41. Hakuna picha ya mkono chini ya kiti itakayowavalisha watu wote hao. Mwaka 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi, baadhi ya walionusurika walikutwa wameshikilia magodoro. Anayehesabu vichwa langoni anatangulia mbele ya video, na asipohesabu yeye, wengine wote wanaigiza.

Tuchukulie amehesabu. Kampuni itajuaje kama sekunde 90 zake zimefanya kazi? Wengi wataridhika kwamba imerushwa, wakaandika kwenye daftari la safari. Njia nyingine haina gharama. Boti ikishafunga, baharia mmoja asimame chini ya ngazi na awaulize abiria 20 wanaoshuka maswali matatu, bila kuwatahayarisha: jaketi lako lilikuwa wapi, mlango wako wa karibu ulikuwa upi, na ukishabana mkanda unafanya nini? Siku nyingine awape jaketi vijana watano na saa, aone nani anamaliza ndani ya dakika 1 na mkanda umekaza. Swali la kwanza likijibiwa na wengi, sekunde 10 za mwanzo ziachwe kama zilivyo. La tatu likikosewa, fundi wa picha arudi kwenye boti na kamera yake, apige upya vile vidole viwili chini ya mkanda, safari hii kwa karibu zaidi, na sekunde za kuwapa zitoke kwenye nembo ya kampuni kama bado wameing'ang'ania.